Kabla hamjaamini ile video ya pua

Ndiyo, kwenye video ni mimi. Ndiyo, nabonyeza Enter kwa pua. Mshkaji wangu aliyeirusha kwenye grupu ameandika "mganga akitabana", na asubuhi hii shangazi yangu kanipigia kuuliza kama nimeacha kusali. Basi nisikilizeni mimi mwenyewe.

Kipima maji cha tangi kilikuwa kinafanya kazi vizuri juu ya Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta. Nikajifanya fundi: nikang'oa chipu, ATmega328P, nikaihamishia kwenye bodi yangu ya matundu, nikanunua na nyingine mpya ya akiba. Chipu mpya hutoka kiwandani ikitumia saa yake ya ndani. Ile ya Arduino imeshapangwa kusubiri kristali ya nje ya megahetsi 16, na kristali isipotetemeka, chipu nayo haitikisiki, wala haikubali programu. Maonyesho saa tatu asubuhi. Saa nane usiku najaribu kuingiza programu, chipu haijibu, skrini inaniambia:

```
avrdude: initialization failed, rc=-1
```

Nikachukua multimita nipime mguu wa kristali. Ncha ikagusa tu, kitaa cha bodi kikawaka! Nikaitoa, kikazima. Nikarudisha, kikawaka. Yaani mgonjwa anapona kila daktari akimshika, akiachwa anakufa. (Wewe unayecheka, ungefanya nini?) Nikaweka kidole badala ya ncha. Kikawaka. Nikafurahi kama mjinga, maana nilikuwa na marekebisho ya mwisho ya kuingiza.

Sasa tazameni hali. Kidole cha mkono wa kulia kipo kwenye kristali, kisitikisike. Mkono wa kushoto umebana waya wa programa uliolegea. Amri imeshaandikwa, imebaki Enter. Nikajaribu kiwiko, kikabonyeza herufi tatu. Nikazifuta kwa kidevu. Nikashusha uso pole pole, macho kwenye kitaa, jasho linadondoka kwenye kibodi, pua ikafika... na hapo mlango ukafunguka. Mshkaji alikuja kukopa chaja. Hakuuliza kitu. Alitoa simu.

Na ikakubali! Nikapaza sauti "imeingia!", nikanyanyua mikono yote miwili juu. Kitaa kikazima. Hiyo ndiyo sehemu anayoirudiarudia.

Saa kumi na moja alfajiri nikageuza bodi, nikakuza picha kwa kamera ya simu. Kristali ina kapasita mbili za pikofaradi 22 za kuisaidia itetemeke, moja kila mguu kwenda graundi. Mguu mmoja wa kapasita nilikuwa nimeukata vizuri, nimeukunja vizuri, risasi ya kulehemu sijaweka. Mwili wangu ndio ulikuwa kapasita, kwa saa tatu nzima, bila malipo.

Tone moja la risasi, kwisha. Maonyesho yakaenda sawa, maji yakapimwa, watu wakapiga makofi. Halafu jaji wa mwisho akainama mezani, akanong'ona, "Kijana, hebu tuonyeshe na ile ya pua."