Kutokea mtandaoni kupitia Kisauni ukiwa Dubai: unajificha kwa nani?

"Kaka, naenda Dubai wiki sita kununua mizigo ya duka. Mume wa shoga yangu anasema niache kikompyuta nyumbani Kisauni, simu ipitie hapo kila nikiingia mtandaoni, na hapo hakuna atakayeniona, si hoteli wala mwingine. Ni kweli?"

Nusu yake ni kweli, dada, na nusu hiyo ina faida kubwa kwa mfanyabiashara. Nusu ya pili inanitia hofu, kwa sababu mtu akishaamini kwamba haonekani hufanya mambo ambayo asingeyathubutu.

Tutazame njia yenyewe. Ukiwa hotelini Deira ukafungua tovuti ya benki bila chochote cha ziada, simu inaongea na waifai ya hoteli, hoteli inapitisha kwa kampuni yake ya intaneti, na benki inaona mtu anabisha hodi kutoka Emirati. Ukiwasha WireGuard, programu ya kufunga njia ya mtandao, iliyounganishwa na Raspberry Pi, yaani kile kikompyuta, iliyochomekwa kwenye ruta yako Kisauni, kila kinachotoka kwenye simu hufungwa humo humo, husafiri kikiwa kimefungwa hadi nyumbani, hufunguliwa pale, kisha hutoka mtandaoni kama vile umekaa sebuleni kwako. Hoteli inabaki kuona pakiti zisizosomeka zikienda kwenye anwani moja ya Kenya, saa zilipopita na wingi wake. Majina ya tovuti hayaoni tena.

Hapo tusikuze mambo. Nywila yako ya benki haikuwa wazi mbele ya hoteli hata kabla ya hapo, maana tovuti yenye kufuli kwenye kivinjari, yaani https, hufunga mazungumzo yake yenyewe. Kilichokuwa kinaonekana ni unakwenda wapi: jina la benki, la wakala wa mizigo, la hospitali. Kwa hiyo unachokifunga kwa njia ya nyumbani hasa ni orodha ya milango unayobisha. Kwa mtu anayefanya manunuzi katika mji ambamo washindani wake wamelala hoteli hiyo hiyo, mimi naona hilo si dogo.

Faida ya pili ndiyo inayowafanya wengi wahangaike na jambo hili. Mifumo ya benki ya kuzuia wizi hutazama anwani unayotokea. Mwaka jana nilikaa Deira wiki tatu, na programu ya benki yangu ilikataa kunifungulia nikiwa kwenye waifai ya hoteli, ikaniambia nifike tawini. Nilipopitia nyumbani ilifunguka mara moja. Sikuidanganya benki kuhusu mimi ni nani. Niliingia kwa jina langu, kwa laini ya nyumbani kwangu iliyolipiwa na mimi.

Hapo hapo ndipo ilipo nusu ya pili. Laini ya Kisauni imesajiliwa kwa jina lako. Kila tovuti unayoifungua inaona anwani hiyo, na kampuni ya intaneti ya Mombasa inaona kutoka kwenye ruta yako yale yale ambayo hoteli ingeyaona. Umehamisha macho kutoka kwa mtu usiyemjua hadi kwa kampuni unayoilipa kila mwezi. VPN ya kulipia, yaani njia ya namna hii unayoikodi kwa kampuni, huchanganya wateja wengi kwenye anwani moja. Ya nyumbani inabeba familia moja tu. Ukimpa mwenzako wa chumbani nafasi ya kupitia humo naye, akifanya upuuzi, anwani itakayoandikwa ni ya kwako.

Tena unarithi vizuizi vya nyumbani. Novemba 2023, wakati wa mitihani ya KCSE, Telegram ilizuiwa Kenya, na ikarudiwa 2024. Mtu aliyekuwa ng'ambo akitokea Mombasa siku hizo angekwama sawa na aliyeko Likoni, ilhali kwenye waifai ya hoteli yake ingefunguka.

Halafu kuna mambo yasiyopita kwenye njia hiyo kabisa. Simu inajua iko Dubai kwa GPS, na programu uliyoiruhusu kusoma mahali ulipo itaambiwa ukweli. Laini yako ya Kenya ikijisajili kwenye mtandao wa kule, kampuni za simu za pande zote mbili zinajua. Namba ya siri ambayo benki inakutumia kwa SMS haipiti Raspberry Pi, inapita romini. Nimemwona mama mmoja ameandaa kila kitu barabara, akatoa laini yake ya Kenya kwenye simu ili aweke ya kule, kisha akakaa siku mbili bila kuweza kulipa kwa sababu ile namba haikuwa na pa kufikia. Acha laini ya Kenya ndani, na uwashe romini kabla hujapanda ndege.

Na kwa kuwa tumeitaja romini: data ya laini ya Kenya ukiwa nje kwa kawaida hurudishwa kwa kampuni yako nyumbani kabla ya kutoka mtandaoni. Benki itaona anwani ya Kenya bila kikompyuta chochote. Ni ghali, lakini kwa mtu anayehitaji kuingia benki mara mbili kwa wiki, dakika tano kila mara, nadhani bando dogo la romini linashinda kuacha kifaa kinachohitaji uangalizi.

Maana kinahitaji. Nikueleze usiku mmoja ulivyonikuta. Nilikuwa katikati ya malipo ya mzigo, saa mbili za Mombasa, stima ikapotea mtaani kwetu. Ruta ikazima, Raspberry Pi ikazima. Kwenye simu yangu alama ya ufunguo ilibaki palepale juu ya skrini, kana kwamba hakuna kilichotokea. WireGuard haina tabia ya kutangaza kwamba upande wa pili umekufa; inaendelea kutuma. Hakuna kilichovuja, kwa kuwa kila pakiti ilikuwa bado inaelekezwa nyumbani, ila hakuna kilichofika. Nilipofungua maelezo ndani ya programu, mstari wa `latest handshake`, yaani mara ya mwisho simu na nyumbani zilipopeana mkono, ulionyesha zaidi ya dakika kumi. Ukiwa unaitumia, mkono huo hupeanwa upya kila baada ya dakika mbili hivi. Ukiona umepita tatu na hakuna kinachofunguka, jua nyumbani kumezima.

Kosa nililifanya baada ya hapo. Mwenye mzigo alikuwa ananingoja, nikazima WireGuard, nikaingia benki moja kwa moja kwa waifai ya hoteli. Benki ilikuwa imeniona Mombasa robo saa iliyopita, sasa inaniona Dubai. Hakuna ndege ya robo saa. Akaunti ikafungwa mpaka asubuhi ya pili, baada ya simu ndefu na maswali mengi. Hoteli haikuniibia kitu. Kuruka kwa anwani ndiko kulikoniponza. Ndiyo maana nasema: kama umeamua kuonekana uko nyumbani, benki iingie kwa njia hiyo hiyo safari nzima. Njia ikikatika, malipo yangoje. Betri ndogo ya kushikilia ruta na kikompyuta wakati stima imepotea ni sehemu ya gharama, si anasa.

Kwenye mipangilio ya simu, mstari mmoja, wa `AllowedIPs`, ndio unaoamua kama njia imefungwa kweli:

```
[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_NYUMBANI
Endpoint = jina-la-nyumbani:51820
AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0
PersistentKeepalive = 25
```

Wengi huandika `0.0.0.0/0` wakaishia hapo. Hiyo ni IPv4 peke yake, aina ya zamani ya anwani. Hoteli ikiwa na IPv6, aina mpya, sehemu ya safari zako inaweza kutokea Dubai huku wewe ukiamini uko Kisauni. Hicho kipande `::/0` ndicho kinachoifunga. Kupima ni rahisi: fungua tovuti inayoonyesha anwani yako, uhakikishe ya IPv4 ni ya nyumbani, na ya IPv6 ama ni ya nyumbani ama haipo. Kwenye Android kuna pia `Block connections without VPN`. Iwashe, lakini kumbuka kwamba ukurasa wa hoteli wa kuingiza namba ya chumba hautafunguka mpaka uizime kidogo.

Kabla hujanunua chochote, ingia kwenye ruta yako utazame anwani ya upande wa WAN, yaani ule unaotazama kampuni ya intaneti. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, kampuni yako imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na simu iliyoko Dubai haitapata mlango wa kugonga. Hapo uombe anwani ya peke yako, au utumie Tailscale, huduma iliyojengwa juu ya WireGuard, ambayo pande zote mbili huanza kwa kubisha hodi nje na hivyo hukutana. Gharama yake ni kwamba kampuni ya tatu sasa inajua vifaa vyako ni vipi na viko wapi, ingawa haisomi kilichomo.

Kasi nayo ina mpaka wake. Unachokipakua Dubai kinapandishwa kwanza kutoka nyumbani, kwa hiyo tazama kasi ya kupandisha ya Kisauni, si ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Na bahari haina njia ya mkato. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa 2009 kutoka Fujairah, ina takriban kilomita 5,000, na mwanga ndani ya faiba huhitaji milisekunde 50 kwenda na kurudi hata ukipita njia hiyo nyoofu. Ukifungua tovuti ya duka lililo mtaa wa pili hapo Deira, inavuka bahari kwenda na kurudi. Kwa benki hutahisi; kwa video utahisi.

Kuhusu sheria ya kule nisikufiche. Sheria ya Emirati namba 34 ya mwaka 2021 inamwadhibu anayekwepa anwani yake ya mtandao, kwa anwani ya uongo, ya mtu mwingine au kwa njia nyingine yoyote, kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia kosa lisigunduliwe, kwa kifungo na faini ya dirham 500,000 hadi 2,000,000, au kimojawapo. Kuingia benki yako halali kupitia nyumbani kwako ni jambo moja. Kutumia njia hiyo hiyo kupiga simu za WhatsApp, ambazo kule zimezuiwa, ni jambo jingine, na njia ya nyumbani itazifungua bila kukuuliza. Mimi sizipigi. Watoto nawaachia ujumbe wa sauti.

Kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kinachosahaulika zaidi. Simu hiyo sasa ina ufunguo wa nyumba. Ikiibiwa mtaa wa Naif hapo Deira na haina nywila ngumu, mwizi hatoki tu kwa jina lako; anafika kwenye kamera ya ua, kwenye printa, kwenye kompyuta ya duka. Kwa hiyo kabla ya safari mkalishe mdogo wako mbele ya kile kikompyuta, afanye amri hii kwa mkono wake angalau mara moja, kwa ufunguo wa majaribio:

```
sudo wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_SIMU remove
```

Halafu aufute pia kwenye faili ya `/etc/wireguard/wg0.conf`, la sivyo stima ikipotea na kurudi, kifaa kikiwaka upya kitausoma tena na mlango utafunguka.