Sawa ya Saa Ngapi?

Jamani, mimi ni fundi samani, karakana yangu iko Mwanjelwa. Randa naijua, msumeno naujua, na ubao wa paina ambao haujakauka naubaini kwa kuunyanyua tu. Kilichonishinda mwaka huu ni neno moja la herufi nne.

Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji maana fedha yao bado naihitaji, ilitaka meza kumi na mbili. Ofisa wao, kijana mstaarabu kabisa, akaniambia, "Mzee, shikamoo. Tuandikie imeli tupange siku uje upime vyumba." Imeli! Mimi nimezoea kupiga simu huku nimeshika nyundo. Nikaandika hivyo hivyo: "Naomba tukutane, niambie lini una nafasi." Nikajiona muungwana, namwachia mwenye ofisi achague.

Akajibu, "Wiki ijayo." Nikauliza siku gani. "Katikati ya wiki." Nikasema Jumatano? "Jumatano nina safari ya Chunya." Alhamisi je? Kimya siku mbili. Akarudi, "Ulisema Alhamisi ipi?" Nilipohesabu tulikuwa tumeandikiana mara kumi na moja, na hiyo Alhamisi yenyewe ilikuwa imeshapita.

Mke wangu anauza viazi sokoni. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaweka chini ndoo. "Wewe baba, mteja akisimama mbele ya viazi vyangu nikimuuliza unataka kiasi gani, ataanza kufikiria familia nzima. Nauliza sado au nusu sado? Anajibu hapo hapo. Na simpangii ndoo tano, akianza kulinganisha ataondoka kwenda kwa jirani."

Nikamwambia basi, nitampa yule kijana saa mbili achague. Akauliza, "Saa mbili asubuhi au usiku?" Ningemsikiliza vizuri siku ile, haya yanayofuata yasingenikuta.

Nikaandika imeli ya pili: "Naomba tukutane Jumanne tarehe 14 Oktoba au Alhamisi tarehe 16, saa 4. Lipi linakufaa?" Nikaituma kifua mbele. Baada ya nusu saa jibu likaingia. Nikaita na vijana wa karakana waje waone jinsi mambo yanavyokwenda siku hizi. Nikafungua. Limeandikwa: "Sawa."

Sawa nini? Sawa Jumanne? Sawa Alhamisi? Sawa umeiona, au sawa ndiyo maisha? Nimeuliza lipi, najibiwa kana kwamba nimeuliza kama amelala salama. Nikaona aibu kumwandikia tena, nikasema liwalo na liwe, naenda siku ya kwanza.

Jumanne asubuhi nikapiga pasi shati, nikapanda bajaji mpaka mjini na tepu yangu mfukoni. Geti limefungwa. Mlinzi ananitazama kwa huruma. "Mzee, leo Nyerere Dei." Tarehe 14 Oktoba, watoto wa shule wanaijua! Mimi nimempa mtu nafasi mbili na moja ni sikukuu ya kitaifa. Kumbe nilimpa nafasi moja tu, ile nyingine ilikuwa geti.

Alhamisi nikarudi. Saa nne kasoro robo asubuhi niko kwenye benchi la mapokezi. Saa nne ikapita. Saa sita dada wa mapokezi akaniletea maji. Saa nane akaacha kunitazama usoni. Kwenye saa kumi kasoro dakika chache yule kijana anaingia mbio, jasho linamtoka, ametoka shamba la mradi, na anatabasamu: "Mzee, umewahi!"

Mimi nimewahi? Akanionyesha simu yake. Aliposoma "saa 4" alikwenda kuiweka kwenye kalenda ya simu, akagusa 4, na simu ikaandika 4 PM, yaani saa kumi jioni. Saa nne yangu ya asubuhi kwenye simu yake ni 10:00. Neno "asubuhi" ningeliongeza, lisingenigharimu hata shilingi. Vyumba vya kupima navyo vilikuwa vimeshafungwa, kwani wenye funguo hutoka saa tisa na nusu. Na wakati nimekaa kwenye benchi, mtu wangu wa mbao kutoka Mafinga alikuwa karakana ananisubiri, maana naye nilishamwambia aje Alhamisi hiyo hiyo. Nilijua nimemtajia kijana siku mbili, lakini sikujua kwamba mpaka atakapochagua, zote mbili si zangu.

Usiku ule nikakaa na mke wangu, tukaiandika ya tatu kama watu wanaokata kabati la kona, kipimo kwa kipimo. Kwenye kichwa cha imeli tukaweka: "Kikao cha nusu saa: vipimo vya meza 12, naomba uchague siku." Ndani:

"Ndugu Ofisa, habari za kazi. Naomba nusu saa ofisini kwako nipime vyumba na tukubaliane bei. Chagua moja:

1. Jumatano 22 Oktoba, saa 4:00 asubuhi (10:00)
2. Alhamisi 23 Oktoba, saa 8:30 mchana (14:30)

Naomba unijibu kwa namba kabla ya Jumatatu 20 Oktoba saa 6:00 mchana. Zote zikikukataa, nitajie saa moja ya wiki hiyo, nitakuja. Ukijibu 'sawa' peke yake, nitaandika namba 1."

Siku tumezitofautisha makusudi, moja asubuhi na moja mchana. Tungempa Jumatano saa nne na Jumatano saa tano, safari moja ya Chunya ingezifuta zote. Ile ya mchana tumeihesabia, ukianza saa nane na nusu unamaliza saa tisa, mwenye funguo bado yupo. Kalenda ya ukutani tukaiangalia kwa tochi, sikukuu hakuna. Ile "nusu saa" mke wangu ndiye aliyeing'ang'ania. Anasema mtu akisikia kikao bila kuambiwa urefu wake anafikiria siku nzima na chakula cha mchana, basi anaahirisha. Na kwenye daftari langu nikaandika zote mbili kwa penseli, ili likichaguliwa moja nilifute jingine nimpe mtu wa Mafinga. Kwa kalamu ya wino ningekuwa nimejifunga mwenyewe.

Ijumaa asubuhi jibu likaja: "2. Asante mzee, imenirahisishia." Namba mbili! Nikafuta Jumatano kwa raba, nikapuliza vumbi, nikampigia mtu wa mbao nikampa saa nne ile. Nilitembea Mwanjelwa nzima kama niliyeshinda tenda.

Halafu nikashuka chini ya imeli, kuna mstari sikuuona. "Nimewapelekea na wajumbe wenzangu watano wa kamati, ili nao wachague."

Nikamwonyesha mke wangu. Akasema sado na nusu sado ni ya mteja mmoja, wakija kikundi unamwambia kiongozi wao akusanye kwanza, hujibizani na kila mmoja na kikapu chake. Nikakimbilia simu nimwambie kijana awaulize yeye, aniletee jibu moja. Nimechelewa. Majibu matano yameshaingia. Wawili wanataka namba 1, ambayo nimeshampa mtu wa Mafinga. Mmoja anataka namba 2. Mmoja anauliza kama posho ya kikao itakuwepo.

Wa tano ameandika, "Sawa."