Huyo sio paka, ni wewe

Juzi kwenye grupu letu moja la kazini kuna jamaa alituma meseji saa tano usiku, kaanza vizuri tu kumsema bosi, mara katikati ikajaa vurugu ikaishia hapo. Asubuhi anakuja, samahani jamani, paka alipita kwenye laptopu. Vurugu yenyewe ilikuwa hivi:

```
asdjkhaskjdhaksjd
```

Mi nilicheka peke yangu, kwa sababu nyumbani nina paka na nina mtoto wa mwaka na nusu na kazi yangu ni mahesabu ya watu, kutwa niko na laptopu mezani, hizi takataka wanazoandika nimeshafuta mpaka nazijua kwa sura. Hiyo ni kazi ya mtu mzima kabisa. Angalia, herufi zote ni za mstari wa kati, pale vidole vinapolala mtu akikaa kuchapa, mkono wa kushoto na wa kulia wanapokezana, hakuna namba, hakuna mkwaju, na hakuna hata sehemu moja ambapo herufi imejirudia mara mbili mfululizo. Paka hana adabu hiyo.

Paka wangu akisimama kwenye kibodi anaacha hivi:

```
fgvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvvv
```

Mguu wake ni mpana kuliko kitufe kimoja, kwa hiyo anakanyaga viwili vitatu vya jirani kwa mpigo, na ukitazama kibodi yako utaona f, g na v zimegusana. Sasa kwa nini v ndio imeendelea peke yake? Kwa sababu ukishikilia vitufe kadhaa kompyuta inarudia kile kilichobonyezwa mwisho tu, inasubiri kama nusu sekunde hivi halafu inaanza kumwaga, na kwenye Windows mwendo ukiwa juu ni karibu herufi 30 kwa sekunde. Nenda jikoni dakika mbili ugeuze maandazi, ukirudi una herufi 3,600 za v kwenye ankara ya mteja. Akiwa anapita tu bila kusimama hutaona huo mstari mrefu, maana kila hatua inaisha kabla ya hiyo nusu sekunde, utaona vifurushi vidogo vidogo vinavyohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama nyayo kwenye mchanga.

Mtoto naye ana mwandiko wake. Alipokuwa na miezi minane hivi alikuwa anapiga viganja vyote viwili kama anapiga ngoma, zinatoka herufi za kushoto na za kulia na namba kwa pamoja, kimya kidogo, halafu tena. Siku hizi kahamia kidole kimoja:

```
mmmmmmm m mmmmmmmmmmmmmmmm mmm
```

Hapo tofauti na paka ni kwamba mtoto anaangalia skrini. Kagundua akishikilia zinakimbia, akiachia zinasimama, basi anarudia kitufe kilekile, mara kifupi mara kirefu, na anacheka. Paka hajawahi kurudi kwenye v kwa makusudi.

Na msidhani mi ndio wa kwanza kukaa kuchunguza haya. Kuna Mmarekani wa Tucson, Arizona, Chris Niswander, alitengeneza programu inaitwa PawSense, inatambua mchapo wa paka kwa kuangalia vitufe vilivyobonyezwa pamoja na muda wake, ikishtuka inafunga kibodi na kupiga kelele ya kumkera paka, na wewe unaandika neno `human` ndio ifunguke. Mwaka 2000 wakampa tuzo ya Ig Nobel, ile ya vitu vinavyochekesha kwanza ndio unafikiria baadaye.

Kilichoniuma mimi lakini sio herufi, herufi unafuta. Siku moja nimetoka kuoga nikakuta paka kalala upande wa kulia wa kibodi, nikamtoa, nikaanza kuchapa, hakuna kitu. Nikibonyeza haraka haitoki, nikikandamiza kwa muda inatoka moja. Nikabeba laptopu mpaka kwa fundi, fundi kaangalia kasema kibodi imekufa, tununue nyingine. Bahati nzuri sikuwa na hela siku hiyo. Kumbe kwenye Windows ukishikilia Shift ya kulia sekunde 8 kinatokea kidirisha cha kukuuliza kama unataka Filter Keys, kitu cha kusaidia watu wanaotetemeka mikono, kinafanya kompyuta ipuuze mibonyezo mifupi. Na Enter, ambayo iko hapohapo juu ya Shift ya kulia, inajibu ndiyo. Mzee alilala kwenye zote mbili. Nilishikilia ile Shift sekunde 8 tena, kibodi ikafufuka, nikaingia kwenye mipangilio nikazima hiyo njia ya mkato kabisa.

Yule jamaa wa grupu sijamwambia kitu. Bosi hana paka.