Skeli ya logarithi kwenye chati ndefu za bitkoini: inachofichua na inachoficha

Ukiitazama kwa skeli ya kawaida chati ya bitkoini inayoanzia mwaka 2013, utadhani miaka ya mwanzo ilikuwa shwari. Kumbe bei ilifika karibu dola 1,150 mwishoni mwa mwaka huo, kisha ikaporomoka hadi takriban dola 200 mnamo Januari 2015, yaani ilipoteza zaidi ya asilimia 80. Kwenye chati ambayo kilele chake ni dola 69,000 za Novemba 2021, anguko hilo halifiki hata sehemu mbili kati ya mia za kimo chote, ilhali lile lililofuata kilele hicho, hadi karibu dola 15,500 mwaka mmoja baadaye, hula zaidi ya robo tatu ya kimo, ingawa kwa asilimia lilikuwa dogo kidogo.

Skeli ya logarithi hupima bei imezidishwa mara ngapi, si imeongezeka dola ngapi, hivyo maanguko hayo mawili hutokea yakiwa na urefu unaokaribiana. Kwa anayelinganisha vipindi vilivyo mbalimbali, sioni hoja yoyote nzito ya kuikataa.

Hoja nzito huja pale mtu anapochukua rula. Tuseme anaunganisha shina, yaani bei ya chini kabisa ya anguko, la Januari 2015, dola 200, na shina la Desemba 2018, takriban dola 3,200. Katikati ya muda huo, mwishoni mwa Desemba 2016, mstari wa skeli ya kawaida hupita kwenye dola 1,700, na wa logarithi kwenye dola 800. Bei halisi ilikuwa karibu dola 960, kwa hiyo chati moja inadai kwamba soko lilikuwa limevunja mstari na kushuka chini yake, na nyingine kwamba lilikuwa juu yake salama, kwa data ileile.

Uurefushe sasa mstari huo kwa miezi mingine 47, hadi Novemba 2022. Skeli ya kawaida inaongeza dola 3,000 na kutoa 6,200. Ya logarithi inazidisha mara 16 tena na kutoa 51,200. Shina halisi lilikuwa karibu dola 15,500. Mstari ulionyooka kwenye logarithi huchukulia kwamba kasi ya ukuaji kwa asilimia haipungui, jambo ambalo bitkoini haikulitimiza, na hapo ndipo wapenzi wa skeli hii (nami nimo) hujidanganya kwa urahisi zaidi.

Skeli ya kawaida nayo ina pahala pake. Aliyenunua kwa dola 60,000 na kuona bei ikifika 15,500 amepoteza dola 44,500 kwa kila sarafu, na skeli ya logarithi humwonyesha hasara hiyo kama mteremko wa wastani. Kwa miezi michache ambamo bei imecheza ndani ya asilimia 10 au 20, chati hizo mbili karibu hazitofautiani, na ubishi huu hauna kazi.