Jibu linalokubali nusu ya hoja ya mpinzani

*Naandika pepa kuhusu uhuru wa dini na sheria ya nchi. Natetea wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule za umma Kenya. Aya yangu ya kujibu hoja pinzani ni hii: "Wapo wanaosema hijabu itavuruga usawa na nidhamu. Hoja hii haina mashiko, kwa sababu katiba inalinda uhuru wa dini na Mahakama ya Rufani imekwisha kuruhusu hijabu." Mhadhiri ameandika pembeni: "Umerudia msimamo wako, hujajibu." Nikikubali lolote la upande wa pili, si nitakuwa nimejidhoofisha?*

Hofu hiyo ina msingi. Wakili mahakamani hamwachii mpinzani hata koma, kwa sababu neno lolote analolikubali laweza kurudi katika hukumu likiwa limemgeukia mteja wake. Midahalo ya sekondari nayo imetuzoesha vivyo hivyo: unasimama, unawaambia wapinzani hawana hoja, darasa linapiga makofi. Tena wapo waandishi wanaokubali mno. Hutumia kurasa tatu kuueleza upande wa pili kwa uadilifu, kisha wanajikuta wamebakiwa na sentensi mbili za kujitetea. Anayesema "usikubali kitu" anakimbia ajali ya kweli.

Ila msomaji wa pepa hakai kama hakimu anayesubiri mawakili wamalize. Upande wa pili anaujua kabla hajafungua ukurasa wako wa kwanza, na aghalabu ameusoma ukiwa umeandikwa vizuri kuliko ulivyouandika wewe. Akikuta umeudogosha, haoni ushujaa. Anahisi kwamba hujaifikia hoja yenyewe, na katika aya yako hisia hiyo ni sahihi.

Tazama kesi unayoitegemea. Mwaka 2014, katika shule ya kutwa ya St. Paul Kiwanjani, Isiolo, shule ya umma inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wasichana Waislamu waliombewa ruhusa ya kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda Mahakama Kuu kupinga. Ukisoma mitandaoni utadhani kanisa lilisema hijabu ni mbaya. Hoja yake ilikuwa nyingine: shule ikiwaruhusu baadhi ya wanafunzi kuvaa ziada kwa sababu ya dini yao, imewabagua waliobaki na sare tupu, na imeipendelea dini moja katika nchi ambayo Kifungu cha 8 cha katiba yake kinasema haina dini rasmi. Mwaka 2015 Jaji Makau alikubaliana na kanisa.

Hoja hiyo nayo inatoka ndani ya katiba. Imesimama juu ya Kifungu cha 27, cha usawa, na nguvu yake anaijua yeyote aliyewahi kusoma na mtoto wa tajiri: sare ndiyo nguo pekee inayowafanya wawili hao wafanane kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Sasa wewe unamjibu mtu wa namna hii kwamba "katiba inalinda uhuru wa dini". Hilo hakulikana. Anachosema ni kwamba katiba hiyohiyo inalinda na usawa, na kwamba vitu hivyo viwili vimegongana mlangoni mwa darasa. Mhadhiri wako alikuwa na maana hiyo.

Nusu ya pili ya sentensi yako inanisumbua zaidi, kwa sababu kosa hilo nimeliona katika maandishi mengi, ya pande zote mbili. Ni kweli kwamba Septemba 2016 Mahakama ya Rufani iliipindua hukumu ya Mahakama Kuu. Ilisema kanuni inayoonekana sawa kwa wote yaweza kuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja, na kwamba kuwatendea watu kwa usawa hakulazimu kuwatendea wote vilevile. Ni hukumu nzuri kuisoma. Lakini Januari 2019 Mahakama ya Upeo iliiweka kando.

Sababu ya kuiweka kando ndiyo inayopotea njiani. Mzazi aliyepigania hijabu, Mohamed Fugicha, aliingia katika kesi kama mhusika mwenye maslahi, kisha akaleta ombi lake mwenyewe ndani ya kesi ya kanisa. Wengi wa majaji walisema mhusika wa aina hiyo hawezi kuzusha hoja mpya zisizo za wenye kesi, hivyo ombi lile halikuwa halali, na Mahakama ya Rufani haikupaswa kuamua juu yake. Kuhusu hijabu yenyewe hawakutoa uamuzi. Walisema anayetaka suala hilo liamuliwe alifungue upya Mahakama Kuu kwa utaratibu, na wakaihimiza bodi ya shule izungumze na wazazi juu ya kanuni za kutoa ruhusa kama hizo. Jaji Jackton Ojwang alitofautiana na wenzake.

Kwa hiyo anayeandika kwamba Mahakama ya Rufani imeruhusu hijabu anategemea hukumu iliyowekwa kando. Anayeandika kwamba Mahakama ya Upeo imepiga marufuku hijabu anaitegemea hukumu isiyosema hivyo. Msomaji anayeijua kesi akikuta moja ya sentensi hizo katika aya ya majibu, mahali ambapo mwandishi anapaswa kuwa makini kuliko popote, ataanza kukagua kila rejeo la kurasa zilizotangulia. Hasara yake haiishii kwenye aya hiyo. Ukitaka hukumu ya Kenya iliyotolewa baada ya hapo, ipo ya Mahakama Kuu ya Septemba 2019 kuhusu shule ya Olympic, Nairobi, ambapo mwanafunzi Mrastafari aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake alishinda. Ni ya ngazi ya chini, na useme hivyo.

Sasa turudi kwenye swali lako la kukubali. Faida ya kukubali hapa inatokana na jinsi Kifungu cha 24 kilivyopangwa. Hakisemi haki haizuiliki. Kinataka kizuizi kiwe na lengo la maana, kiwiane na lengo hilo, na pasiwe na njia nyingine inayobana kidogo zaidi ya kulifikia. Kisha kijisehemu cha 3 kinamtwika mzigo wa kuthibitisha hayo yule anayezuia haki. Aya yako ilivyo sasa inabisha kwamba hijabu haitavuruga nidhamu. Kwa kufanya hivyo umejitwika mzigo ambao sheria ilikuwa imempa mwenzako, nawe huna ushahidi wa kuubeba. Ukikubali kwamba usawa na nidhamu ni malengo halali, ubishi unahama na kwenda mahali ambapo mwenzako ndiye anayedaiwa ushahidi: je, hijabu ya rangi ya sare, juu ya sare ileile, inaliharibu lengo hilo kiasi gani?

Baada ya hapo kuna hoja ya mlango: ukimfungulia huyu, kesho atakuja mwingine na lake. Wanafunzi wengi huipuuza kwa kuiita woga. Usiipuuze, kwa sababu Afrika Kusini imeijibu kwa namna mbili, na zote mbili zinakufaa. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilimsikiliza binti wa Durban aliyekatazwa kipini cha puani, katika kesi ya Pillay. Shule ilileta hofu hiyohiyo. Jaji Mkuu Pius Langa aliona ushahidi wa madhara kwa nidhamu haukuwepo, ingawa kipini kilikuwa kimevaliwa shuleni kwa muda, na akasema kuonekana kwa dini na tamaduni mbalimbali kunaitajirisha shule. Lakini mwaka 2002 mahakama hiyohiyo, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilimnyima wakili mtarajiwa Mrastafari, Prince, ruhusa ya kutumia bangi kidini. Waliokataa walisema polisi hawana namna ya kutofautisha bangi ya ibada na bangi ya starehe, hivyo ruhusa ingeifanya sheria nzima isitekelezeke. Ukiziweka hizo mbili pamoja unamwonyesha msomaji kwamba mlango una bawabu: ombi linalovunja utekelezaji hurudishwa, na lisilovunja huingia.

Ningeiandika aya hivi:

"Sare ina kazi ya haki: humpunguzia mwanafunzi maskini aibu ya kulinganishwa, na hakuna mwalimu mkuu anayeweza kuendesha shule ambayo kila mzazi anaitungia kanuni. Mahakama Kuu iliikubali hoja hii katika kesi ya Kiwanjani mwaka 2015. Hukumu ya Rufani iliyoipindua iliwekwa kando mwaka 2019 kwa sababu za utaratibu, na Mahakama ya Upeo haijaamua suala lenyewe. Hata hivyo, Kifungu cha 24 hakiishii kuuliza kama sare ina faida. Kinamtaka anayezuia haki aonyeshe kwamba hapakuwa na njia inayobana kidogo zaidi. Hijabu ya rangi ya sare, juu ya sare ileile, haionyeshi nani tajiri na nani maskini, na mwalimu anaikagua kwa kuitazama tu. Katika hilo inafanana na kipini cha Pillay, wala haifanani na bangi ya Prince."

Ni sentensi saba. Mbili za kwanza ni za mpinzani, na sidhani kama zimekudhoofisha. Angalia pia kwamba neno "haina mashiko" limetoweka, na hakuna kilichopungua.

Lakini aya hii ina gharama. Kigezo ulichokichagua kinaweza kukukata nawe. Mwaka 2006, katika kesi ya shule ya Denbigh, Luton, majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza walimnyima mwanafunzi jilbabu, vazi refu la kufunika mwili, kwa sababu, pamoja na mengine, shule ilikuwa tayari imeruhusu hijabu na shalwar kamizi baada ya kushauriana na wazazi na misikiti. Shule iliyoijaribu njia inayobana kidogo ina kinga. Kama dai lako kuu linasema "vazi lolote la dini", itabidi ulipunguze lifike hijabu, na ulipunguze tangu utangulizi, usisubiri kufika kwenye majibu.

Kisha kuna jambo ambalo aya yangu hailigusi kabisa: uhuru wa dini wa kanisa lenyewe. Kwa shule ya umma unaweza kulijibu kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo inampa mfadhili kazi ya kulea maendeleo ya kiroho shuleni, lakini huku akilinda imani za wengine. Shule ya binafsi ya kanisa au ya msikiti, ambayo mzazi ameichagua na kuilipia, ni kesi nyingine. Huko mpinzani wako ana Kifungu cha 32, cha uhuru wa dini, mkononi kama ulicho nacho wewe, na kama pepa yako inakwenda hadi huko, itahitaji aya ya pili.