Droo ya cherehani: haki inaanzia kwenye orodha

Wauza vitambaa wanaouzia Instagram hugawanyika pande mbili wakitaka kutoa zawadi. Wapo wanaosema mshindi awe mwenye laiki nyingi, kwa sababu kila mshiriki atahangaika kuita watu na duka litajulikana bure. Wengine wanataka droo, maana kwenye droo mama wa Newala mwenye wafuasi arobaini yuko sawa na binti wa Sinza mwenye elfu ishirini. Mimi niko upande wa droo, lakini wenzetu wa laiki wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa.

Hoja yao ni hii: zawadi ni gharama, na gharama lazima ilete kitu dukani. Droo huvuta watu ambao kazi yao ni kuzunguka kwenye kurasa wakikomenti "nimeshiriki", na asubuhi yake hawapo. Mashindano ya laiki angalau yanamlazimisha mtu apige picha ya gauni alilolishona kwa kitambaa chako, na picha hizo unabaki nazo. Hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba laiki zinauzwa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na cherehani. Dalili zake huonekana haraka: picha inakaa siku mbili na laiki tisini, halafu usiku mmoja inapata mia saba kutoka kwenye akaunti zisizo na picha wala posti. Hapo mwenye duka amekwama. Akimwondoa mtu huyo, ataambiwa ana upendeleo. Akimwacha, wote waliocheza safi wameona. Kama unataka picha za magauni, weka majaji wawili wanaojua kushona na utangaze mapema wanaangalia nini. Hayo yatakuwa mashindano ya ufundi. Kwa zawadi ya wateja wa kawaida, bora droo.

Ila droo nayo ina mahali pake pa kuchakachuliwa, na si pale watu wanapopatazama. Wengi hukodolea macho lile gurudumu la majina linalozunguka kwenye video, huku gurudumu hilo likiweza kuzungushwa mara nane na ya tisa ndiyo ikarekodiwa. Hata vikaratasi kwenye bakuli, vinavyoaminika kuliko kompyuta, vina historia. Mwaka 1969 Marekani ilichagua vijana wa kwenda jeshini kwa kuchota vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa. Vidonge viliwekwa mwezi baada ya mwezi na havikukorogwa vya kutosha, na waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wakaitwa mapema kuliko ilivyostahili. Hakuna aliyedanganya pale, mchanganyiko tu ulikuwa mbovu.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye droo ni: orodha ya washiriki ilifungwa lini, na nani aliiona kabla ya mshindi kupatikana?

Tuchukue duka la vitenge la Kariakoo linalotoa cherehani moja. Posti inaweza kuandikwa hivi:

"Zawadi: cherehani moja ya miguu. Kushiriki: fuata ukurasa huu, kisha komenti mara moja tu, utaje mkoa wako. Si lazima kununua. Mwisho ni Ijumaa tarehe 14, saa 4:00 usiku, saa za Tanzania. Orodha yenye namba itawekwa hapa Jumamosi mchana, na malalamiko yatapokelewa hadi Jumapili saa 12:00 jioni. Mshindi atapatikana Jumatatu kwa hesabu iliyoelezwa hapa chini, na asipojibu ndani ya saa 48, zawadi inakwenda kwa namba inayofuata. Usafiri hadi stendi ya mkoa wako ni juu yetu. Hatuombi pesa yoyote kwa mshindi, na tunaandika kwa akaunti hii tu. Wafanyakazi wa duka na familia zao hawashiriki. Instagram haidhamini wala haisimamii zawadi hii, na haiwajibiki kwa mshiriki yeyote."

Sentensi ya mwisho inaonekana ya kujaza nafasi, lakini Instagram wenyewe wanaidai kwenye masharti yao ya promosheni. Sentensi ya kutoomba pesa ndiyo inayookoa watu: mshindi akitangazwa tu, akaunti yenye jina linalofanana na la duka humwandikia faragha atume elfu kumi ya usafiri. Na muda nimeuandika na tarehe kwa makusudi. Ukisema tu "usiku wa Ijumaa", kuna watu wa Pwani watakaoelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, na mshiriki wa Bujumbura ana saa iliyo nyuma yetu kwa moja.

Sasa hesabu. Tuseme baada ya kufuta waliokomenti mara mbili wamebaki watu 214, wamepangwa kwa mpangilio wa kukomenti. Duka lilitangaza tangu mwanzo kwamba Jumatatu litachukua kiwango cha kuuzia cha dola na cha yuro kinachotolewa na Benki Kuu, tarakimu mbili za mwisho za kila kimoja. Dola ikaishia 73, yuro 06. Namba ni 7306. Gawanya kwa 214: inaingia mara 34, inabaki 30. Ongeza moja, mshindi ni namba 31. Kila mteja anaweza kuipiga kwenye simu yake, na mwenye duka hawezi kuigusa.

Angalia sasa kinachotokea jina moja likifutwa baada ya kiwango kutoka. Watu wakiwa 213, salio linakuwa 64 na cherehani inakwenda kwa namba 65. Hiyo ndiyo sababu ya kufunga malalamiko Jumapili: kufuta mtu mmoja "asiyestahili" Jumatatu kunatosha kumpa zawadi mtu mwingine kabisa. Tarakimu nazo ziwe nyingi. Ungetumia tatu tu kwa watu 214, wale 144 wa kwanza wangekuwa na nafasi tano kwa kila nne za wenzao. Kwa tarakimu nne, tofauti ni 47 kwa 46, ambayo haimuumizi mtu.

Mapungufu ya njia hii nayakubali. Haina msisimko, na mteja akiona laivu gurudumu likisimama kwenye jina lake anashangilia kuliko akisoma salio la mgawanyo. Kuandika majina 214 kwa mkono ni kazi ya jioni nzima. Kwa doti moja ya kanga, mimi ningetumia gurudumu laivu, mzunguko mmoja uliotangazwa, ilimradi orodha imewekwa hadharani kabla. Cherehani ni jambo jingine.

Lipo pia lile la "tagi marafiki watatu, shea kwenye ukurasa wako". Linaongeza watu, sikatai, lakini Facebook hairuhusu kutumia kurasa binafsi na marafiki kuendeshea promosheni, na anayetagi watu thelathini hupata nafasi thelathini kama hukusema vinginevyo. Na ukitaka kudai risiti ya manunuzi ndipo mtu ashiriki, umesogea karibu na bahati nasibu. Tanzania promosheni za zawadi ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ndiyo maana droo za makampuni makubwa huwa na ofisa wa Bodi amesimama pembeni. Nenda kawaulize kabla hujaweka posti, maana ukishaiweka watu watakuwa wameshaanza kukomenti.