Waifai ya mkahawani: VPN inakukinga na nini hasa?

"Nafanyia kazi mikahawa ya Nyali, na nikisafiri nafungua laptopu pale uwanja wa ndege wa Moi. Kaka yangu asema bila VPN nimejianika. Rafiki yangu asema hiyo ni hofu ya zamani. Nimsikilize nani?"

VPN ni programu inayofunga kwa siri mawasiliano yako yote hadi kwa anayeiendesha. Hofu ya kaka yako ilikuwa na msingi. Mwaka 2010 ilitoka programu ndogo ya kivinjari cha Firefox iitwayo Firesheep. Mtu aliyekaa meza ya pili kwenye waifai isiyo na nywila aliweza kubofya jina lako na kuingia kwenye akaunti yako ya Facebook, kwa sababu tovuti nyingi zilifunga kwa siri ukurasa wa kuingilia tu, kisha mengine yote yakasafiri wazi.

Rafiki yako naye anaona kilichobadilika baadaye. Leo benki, barua pepe na karibu kila tovuti kubwa hutumia HTTPS, yaani hufunga kwa siri mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayesikiliza hewani ataona umefungua tovuti gani, lakini hataona ulichoandika humo wala nywila yako. Kwa upande wa kusikilizwa, basi, namuunga mkono rafiki.

Ila wote wawili wanabishana juu ya msikilizaji, na mimi naogopa zaidi mlango, yaani mtandao wenyewe unaojiunga nao. Laptopu huutambua mtandao kwa jina lake, na jina lolote mtu yeyote anaweza kulirusha kwa simu yake. Ikiwa uliwahi kuunga mtandao usio na nywila, laptopu huweza kuunga yenyewe mtandao mwingine wenye jina hilo hilo, popote ulipo. Nywila ya mkahawa haisaidii sana, maana imeandikwa ukutani na tapeli ameisoma kama wewe.

Tuseme umekaa mkahawani, umeagiza kahawa, na kwenye orodha unaona jina la mkahawa mara mbili: moja lina kufuli, la pili halina. Unachagua lisilo na kufuli kwa kuwa ni rahisi. Unatokea ukurasa wenye nembo ya mkahawa unaosema: ingia kwa barua pepe na nywila yake ndipo upate intaneti. Hapo VPN haikufai kitu. Mara nyingi haiwezi hata kuwaka kabla hujaupita ukurasa huo, na hata ikiwaka, nywila unamkabidhi tapeli kwa mkono wako mwenyewe. Hayo si ya kubuni: mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki mtu kwa kurusha mitandao ya aina hiyo katika viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide, hata ndani ya ndege, ili avune nywila za watu.

Ukurasa halali wa hoteli huuliza namba ya chumba na jina la ukoo. Mkahawa hukupa msimbo kwenye risiti, au huomba namba ya simu. Hakuna mwenye haki ya kukuuliza nywila ya barua pepe yako, seuze PIN ya M-Pesa. Mwulize mhudumu jina kamili la mtandao kabla hujaunga.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wajuzi. Ukiunga kisha ukafungua tovuti ya benki kabla ya kuupita ukurasa wa kuingilia, kivinjari huweza kuandika "Your connection is not private". Mara nyingi ni ukurasa wa mkahawa tu unaojaribu kujitokeza, na watu wamezoea kubofya ili wapite. Onyo hilo hilo ndilo utakaloliona mtu akijifanya benki. Usilipite kamwe. Fungua `http://neverssl.com`, inayofunguka bila HTTPS, na ukurasa wa mkahawa utajitokeza wenyewe. Ukishaingia, rudi benki. Onyo likibaki, kata waifai.

VPN ina kazi yake: huficha majina ya tovuti unazofungua, na hufaa kwa programu za ofisi za zamani zisizo na HTTPS. Lakini siri hizo unazihamishia kwa mwenye VPN, na kwa VPN ya bure ningesita sana. Kwa kazi ya benki, bando la simu yako ni bora kuliko waifai ya mkahawani, iwe na VPN au isiwe nayo.

Ukimaliza, sahau mtandao huo. Kwenye Windows, andika amri hizi katika Command Prompt, na badala ya JINA weka jina la mtandao:

```
netsh wlan show profiles
netsh wlan delete profile name="JINA"
```

Na kama tayari umeshaandika nywila kwenye ukurasa uliokutia shaka, ibadili papo hapo kwa bando la simu, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Nywila mpya pekee huenda isimtoe aliyekwisha kuingia.